"Most cheapest" kwenye imeili ya kotesheni: toa neno, weka namba

Haya jamani, tuanze, waliosimama mlangoni viti bado vipo huku mbele. Leo sigusi sarufi yote ya Kiingereza, nataka imeili moja tu, ile ya kulinganisha kotesheni. Mnaijua. Bosi kaomba bei kwa masaplaya watatu, bei zimekuja, wewe umeambiwa andika aya moja useme tuchukue ipi na kwa nini. Hapo ndipo "more better" na "most cheapest" zinapomwagika, na nimeshalisema hili mara nyingi na nitaendelea kulisema mpaka ziishe.

Kanuni mnayo, siirudii sana: neno fupi linaongezwa mwishoni, cheap, cheaper, cheapest, neno refu linapewa more au most mbele, more expensive, most reliable, huchukui vyote viwili kwa pamoja. Better na best ni good iliyokwisha kupandishwa, ukiiwekea more unavaa kofia juu ya kofia. Na tunajua inatoka wapi, kwetu sisi kivumishi hakigeuki tunapolinganisha, tunasema nafuu zaidi, bora zaidi, haraka zaidi, kwa hiyo mkono unaikimbilia more wenyewe kabla hujafikiri. Sawa. Ila hiyo ni nusu ya sababu, na nusu ya pili ndiyo iliyonileta hapa: mtu anaongeza more kwa sababu anataka kusema tofauti ni kubwa, halafu tofauti yenyewe haitaji.

Tuchukue imeili. Masaplaya A, B na C wanauza kitu kilekile, idadi ileile. A kaandika 920, usafiri ndani. B kaandika 875, usafiri ndani. C kaandika 840, na chini kabisa kwa herufi ndogo, usafiri 60 juu yake. Mwenzetu anaandika hivi: "Supplier C is the most cheapest and also more better than the others." Sasa mwalimu wa lugha atachukua kalamu nyekundu afute most, afute more, ibaki "the cheapest and also better than the others", aweke alama ya vema. Mimi nasema bado! Sentensi imenyooka lakini bado inadanganya, kwa sababu C ukimuongezea usafiri ni 900, na B ni 875. C siyo wa bei ya chini kabisa, ni wa pili. Yule aliyeandika most cheapest alitazama namba ya juu kwenye karatasi, akaona ni ndogo, akaipigia kelele, basi. Angelazimika kuandika namba ndani ya sentensi angeulizwa na mkono wake mwenyewe, 840 pamoja na nini?

Na hiyo "more better" nayo, bora kwa lipi? Ukimbana anakwambia aa, C analeta ndani ya siku 4, B siku 10. Kumbe ni haraka! Basi andika faster, kuna neno kamili la jambo hilo, better limekuwa gunia la kutupia kila kitu, bei, muda, waranti, mpaka saplaya anavyopokea simu vizuri. Kwa hiyo imeili ile ninaitaka hivi: "Supplier B is the cheapest at 875 including delivery. Supplier C comes to 900 with delivery but is faster: 4 days against 10." Sentensi mbili. Bosi sasa ana kitu cha kuamua, alipe 25 zaidi apate mzigo siku 6 mapema au asilipe. Kwenye ile ya kwanza hakuwa na cha kuamua, alikuwa na kelele tu, na angeidhinisha C akidhani ameokoa.

Najua kuna mtu hapo anataka kuniambia, lakini mimi nataka kutia mkazo, nifanyeje? Mkazo upo, na haukatazwi. Much cheaper, far cheaper, slightly cheaper, by far the cheapest, zote halali, tena zinafanya kazi ambayo more haiwezi, zinasema tofauti ni kubwa au ndogo. Kati ya 875 na 900 ni karibu asilimia 3, hiyo ni slightly, usiniandikie much. Ukishaweka namba mbili bega kwa bega hata slightly utaona haina kazi tena.

Mwingine atasema, mbona ninaeleweka? Kwa "more cheaper" nakubali, unaeleweka, unaonekana hukukagua kazi yako lakini unaeleweka. Sasa nijibu hii: "Option B is less cheaper than Option A." Ipi ina bei ya chini? Nimeshaiuliza hii kwa watu wengi na wanagawanyika, hawa wanasema unafuu wa B ni mdogo, maana yake B ni ghali, wale wanasema less ni bei kupungua, maana yake B ndiyo rahisi. Imeili moja, oda mbili tofauti! Hapo siyo suala la kuonekana msomi, hapo mzigo unaagizwa kwa mtu asiye. Less isikae kabisa mbele ya cheaper, sema "B costs more than A" au "B costs less than A", costs haina mlango wa pili.

Halafu kuna wale wa Shakespeare. Ndiyo, Antony kwenye Julius Caesar anasema "the most unkindest cut of all", na wakati huo, zaidi ya miaka 400 iliyopita, ilikuwa Kiingereza cha kawaida kabisa. Ila mwaka 1762 Robert Lowth alishaandika kwenye kitabu chake cha sarufi kwamba kurundika hivyo siyo sahihi, na maandishi rasmi yakaufuata mkondo huo mpaka leo. Antony alikuwa analia juu ya maiti, wewe unalinganisha bei.

Kukagua ni rahisi, kabla hujatuma bonyeza Ctrl+F, tafuta more, kisha most, kisha less, kila mara tazama neno linalofuata. Likiishia -er au -est, au likiwa better, best, worse, worst, simama. Usifute kwa upofu lakini, "most honest" ni sahihi kwa sababu honest ni neno zima lilivyo, "more paper" ni karatasi, na "we need more better options" inaweza kuwa sahihi kama unaomba chaguo bora ziwe nyingi zaidi, ila msomaji atakwama, afadhali uibadilishe.

Muda umeniishia na nilikuwa na mengine, nayapitia haraka. Kotesheni zikiwa mbili tu ni "the cheaper of the two", cheapest iache kwa tatu na kuendelea. "More superior than" ina makosa mawili, ni "superior to" basi. Na "cheaper price", hapana, bidhaa ndiyo inakuwa cheap, bei inakuwa low, kwa hiyo "a lower price". Haya, dada pale kati uliyenyoosha mkono tangu kwenye less cheaper, uliza.