Azimio Lisizame Ndani ya Mjadala

Ndugu zangu, namna ya kuandika kumbukumbu za kikao mnaijua, sitairudia. Leo nang'ang'ania kazi moja: kuipitia rasimu kabla haijawafikia wajumbe. Sikilizeni aya hii, nimeitunga kwa mfano wa zile ninazoletewa kila mara:

"Mhasibu alilalamika kuwa stoo inachelewesha hati za mapokezi. Mtunza stoo alijitetea. Baada ya mjadala mrefu, ilionekana kuna haja ya idara husika kulifuatilia suala hili mapema iwezekanavyo."

Kimeamuliwa nini hapo? Ilionekana na nani? Idara husika ni ipi, wakati zinazovutana ni mbili na kila moja itaisubiri nyingine? Na hiyo "mapema iwezekanavyo" itakwisha lini, ili kikao kijacho kiweze kumuuliza mtu? Halafu tazameni "alilalamika" na "alijitetea". Katibu ameshatoa hukumu: mmoja mlalamishi, mwingine mkosaji.

Mpitiaji mzuri hakimbilii kurekebisha sentensi. Anarudi kwanza kwenye daftari la katibu, kisha kwa mwenyekiti, anauliza kikao kilikubaliana nini hasa. Tuseme akajibiwa. Aya inakuwa hivi:

"Hoja: Mhasibu alieleza kuwa hati za mapokezi huchelewa na malipo ya wauzaji hukwama. Mtunza stoo alieleza kuwa hati husubiri ukaguzi wa mizigo.

Azimio: Mtunza stoo atamkabidhi mhasibu hati za wiki kila Ijumaa kabla ya saa 10 jioni, kuanzia tarehe 14 Machi 2025."

Sasa ufunike mjadala wote kwa karatasi, usome maazimio peke yake. Mtu ambaye hakuhudhuria akiweza kujua nani anafanya nini na lini, rasimu imepita. Asipoweza, rudi kwa mwenyekiti.

Najua mnachotaka kuniuliza: je, kama kikao hakikupanga tarehe? Basi usiipange wewe! Hili nalisema kila mahali na bado linafanyika. Mpitiaji hana mamlaka ya kumpa mtu kazi wala siku. Andika "Tarehe haikupangwa", umjulishe mwenyekiti, na jambo liingie kwenye yatokanayo ya kikao kijacho. Tarehe ya kubuni itakanushwa siku ya kuthibitisha kumbukumbu, na hapo hata maazimio ya kweli yataanza kutiliwa shaka.

Mwingine atasema tunafuta hoja za watu. Hapana. Sababu iliyozaa azimio inabaki, kwa sentensi moja au mbili. Na mjumbe aliyepinga akaomba pingamizi lake liandikwe, liandikwe, bila "alishikilia" wala "alikataa katakata".

Muda umeniishia na sijagusa viambatisho. Jambo moja la mwisho: kila penye "wiki ijayo" au "mwisho wa mwezi", wekeni tarehe kamili, maana kumbukumbu husomwa miezi mingi baadaye.