Kozi ikiisha ndo kasheshe inaanza

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Najua wengi mliopo hapa Mwanga mnapiga chuma, na wengine mnajidunga testosteroni, ile homoni ya kiume, mjaze misuli, kwa hiyo leo sigusi inavyofanya moyo wala ini, naongelea inavyofanya kichwa tu.

Kuna jamaa alikuja kwetu, mbeba mizigo pale Kibirizi, mpole sana. Alikuwa anajidunga testosteroni, sindano mbili kwa wiki, kila moja miligramu 250. Sasa piga hesabu, mwili wa mwanaume mzima unatengeneza kama miligramu 5 hadi 7 kwa siku, yaani 50 hivi kwa wiki, yeye anaingiza 500. Wiki ya sita akamzaba kofi mdogo wake kisa kala mgebuka mkubwa, usiku halali, anapanga kununua boti na hela hana.

Testosteroni inafika mpaka kwenye ubongo, hadi ile sehemu inayopima kama kitu ni tishio, ndo maana utani mdogo unageuka matusi. Ila siyo kila mtu, tusidanganyane. Mwaka 2000 huko Marekani daktari Harrison Pope na wenzake walichapisha utafiti, wanaume 50 walipewa mpaka miligramu 600 kwa wiki, 42 hawakubadilika sana, 6 wakachangamka kidogo kupita kawaida na 2 wakapitiliza kabisa. Shida ni kwamba hujui wewe ni wa kundi gani mpaka umeshadunga, na huko jimu watu wanachanganya dawa mbili tatu kwa mpigo.

Jamaa akamaliza kozi, wiki 12. Akasema sasa napumzika. Hapo ndo pagumu.

Si mnajua boya la kwenye simtanki? Tanki likijaa linafunga bomba. Ubongo nao ukiona testosteroni imejaa unaacha kutuma LH, ile homoni inayoziamsha korodani zitengeneze testosteroni, basi korodani zinalala, zinasinyaa kabisa. Ukiacha sindano, baada ya wiki tatu nne dawa imeisha mwilini na korodani bado zimelala, tanki tupu na bomba halijafunguka. Akarudi kwetu analia, hana hamu na mke wake, anasema dokta bora nife. (Mtu akifikia hapo asiachwe peke yake, mleteni siku hiyo hiyo.) Tukapima damu. Anayeendelea kudunga testosteroni inakuwa juu na LH chini, yeye zote mbili zilikuwa chini, tukajua kweli kaacha.

Kumbe alishajaribu kujitibu, alirudia sindano moja tu na wiki haijaisha akawa fresh. Sasa hapo utamwambiaje aache? Siyo stimu kama ya gongo, anakimbia lile shimo tu, na kila akikimbia korodani zinazidi kulala.

Ilichukua miezi saba LH yake kupanda, wengine inazidi mwaka. Siku namwonyesha majibu akawa anajitazama kwenye kioo cha dirisha, ananiambia dokta nimeisha, nimekuwa kama kijiti. Mkono wake mnene kuliko paja langu.