Betri Hii ni Uniti Ngapi? Mhadhara kwa wauzaji na waandishi wa vipeperushi vya sola

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Boksi hili nililoweka mezani ni la seti ya sola kama zile mnazouza kila siku: paneli moja, na kasha lenye betri ya lithiamu na inveta ndani yake. Jina la kiwanda nimelifunika, maana halitusaidii kitu leo. Ndani yake kuna karatasi ya vipimo. Inasema paneli ni ya wati 100, betri ni ya volti 12.8 na ampea-saa 50, jumla Wh 640, na inveta ni ya wati 500. Pembeni ya hiyo 500, kwa maandishi ambayo mimi nayasoma kwa miwani, wameandika wati 1000 kwa sekunde chache.

Sasa nisikilizeni kipeperushi cha Kiswahili kilichotoka kwenye karatasi hiyo: "Mtambo wenye uwezo wa wati 1000. Uwezo wa betri 640. Hujaa saa 6." Aliyeandika hakudanganya, kila namba ameitoa mahali. Lakini hakuna hata moja iliyofika salama.

Mchawi wa kwanza ni neno "uwezo". Tunalitumia kwa kila kitu: uwezo wa paneli, uwezo wa betri, uwezo wa inveta. Karatasi ya kiwanda haichanganyi, kwa sababu ina herufi za kuitofautisha. Paneli na inveta wameziandikia W, yaani wati; betri wameiandikia Wh, yaani wati-saa. Ukiidondosha ile h, mteja anaiona 640 ya betri ni ndogo kuliko 1000 ya inveta, kana kwamba ni vitu vya jamii moja. Mimi kwenye maandishi yangu nimeacha kabisa kusema uwezo. Inveta nasema "inabeba", betri nasema "inatunza", paneli nasema "inazalisha". Vitenzi vitatu, na mteja hapotei.

Hiyo wati-saa mteja ataielewaje? Hapa Tanzania hatuna haja ya kutafuta mifano ya pipa na koki. Kila mwenye mita ya LUKU anajua uniti. Uniti moja ni kilowati-saa moja, yaani wati-saa 1000. Betri yetu ni volti 12.8 mara ampea-saa 50, jibu ni wati-saa 640. Basi mwambie: betri hii ikijaa inatunza umeme wa uniti sifuri nukta sita na kidogo, zaidi kidogo ya nusu uniti. Nimeona watu wakiguna waliposikia hivyo. Waache wagune, maana wanajua nyumbani kwao uniti inaisha kwa muda gani, na wewe umeongea kwa kipimo wanachokilipia.

Ukiizoea hesabu hii utakamata pia ujanja wa mili-ampea-saa. Betri ya jirani imeandikwa 150,000 na yetu ni 50,000, kwa hiyo yake ni kubwa mara tatu? Angalia volti. Kama yake ni seli za volti 3.2, basi 150 mara 3.2 ni wati-saa 480. Ni ndogo kuliko yetu. Ampea-saa bila volti haimwambii mteja chochote. Isiingie peke yake kwenye kipeperushi.

Ile 1000 ya kwenye kipeperushi nitaipitia haraka. Ni nguvu ya kuwashia: mota ikianza kuzunguka huvuta zaidi kwa muda mfupi, na inveta inavumilia. Baada ya hapo inabeba wati 500, basi. Anayenunua kwa ile 1000 ataleta pasi ya wati 1000, inveta itapiga alamu na kujizima, naye atasema umemuuzia feki. Na msijifiche nyuma ya neno "hadi". "Hadi wati 1000" likisomwa kwenye redio, hiyo "hadi" hakuna anayeisikia.

Nitakaa zaidi kwenye paneli, kwa sababu hapo ndipo ahadi nyingi huvunjika. Wati 100 za paneli zimepimwa maabara: mwanga wa wati 1000 kwa kila mita ya mraba, na seli zenyewe zikiwa na joto la nyuzi 25. Seli, si hewa. Juu ya bati mchana wa jua kali, seli hufika nyuzi 60 bila shida. Tafuteni kwenye karatasi mstari wa joto wenye asilimia yenye alama ya kutoa. Ya hii ni 0.35 kwa kila nyuzi moja inayozidi 25. Zimezidi 35, kwa hiyo tumepoteza kama asilimia 12. Wati 100 zimekuwa 88, na bado hatujagusa vumbi, waya wala chaji kontrola.

Kwa hiyo mimi huhesabu hivi. Siku nzuri nachukulia jua kamili la saa tano, yaani mwanga wa kutwa ukikusanywa uwe kama ule wa maabara. Mia mara tano ni 500. Natoa asilimia 30 kwa joto, vumbi na upotevu wa njiani, zinabaki wati-saa 350 zinazoingia kwenye betri. Betri ni 640. Ikiwa tupu, haijai siku moja. Inakaribia siku mbili.

Ile "hujaa saa 6" imetoka kwenye kugawa 640 kwa 100. Na Kiswahili kimeiongezea balaa lake. Mama mmoja alirudi dukani nikiwepo, amekasirika: kaka, mliniambia inajaa saa 6, mbona mchana wote inachaji? Alielewa saa sita adhuhuri, na kwa lugha alikuwa sahihi. Tangu siku hiyo naandika "kwa muda wa saa" na namba kwa maneno.

Sasa tumalize kazi ya mteja mwenye TV ya wati 40 na taa tatu za wati 7. Jumla wati 61. Kipeperushi kingegawa 640 kwa 61 na kuahidi zaidi ya saa kumi. Lakini kinachoingia kwa siku ni 350, inveta inakula kama asilimia 10, zinabaki 315. Gawa kwa 61: saa tano. Maelezo yangu yanasomeka hivi:

"Betri inatunza zaidi kidogo ya nusu uniti. Inveta inabeba vifaa vya jumla ya wati 500 kwa wakati mmoja. Pasi na jiko la umeme hapana. Siku ya jua zuri, paneli moja inatosha kuwasha TV ya wati 40 na taa tatu za wati 7 kwa muda wa saa tano usiku. Siku za mawingu muda unapungua."

Naona kaka wa pale nyuma anatikisa kichwa: mteja akisoma hivyo atahamia duka la pili. Wengine watahama. Lakini angalia hesabu imekupa nini mkononi. Kinachokwamisha ni paneli, si betri. Kama karatasi inaruhusu kuingiza wati 200, muuzie paneli ya pili: zinaingia 700, betri inajaa siku hiyohiyo. Ukiacha moja ya tano ya betri bila kuigusa ili idumu, na ukatoa ya inveta, anapata saa saba na nusu. Mstari wa kukagua kabla hujamuuzia ni ule wa volti za juu kabisa za kuingizia. Tufungue karatasi, ukurasa wa pili.