Bei ya jumla kwa saluni: tunapiga hesabu ya kopo moja kuanzia gharama hadi oda ya chini

Habari zenu, karibuni tena mezani kwangu. Leo nimeweka kopo hili moja tu mbele yenu, krimu ya kuacha kichwani, mililita 250, ile naipikia hapa Tabata. Sababu ni meseji ninazopata kila wiki: "Dada, saluni wanataka bei ya jumla, niwape shilingi ngapi?" Sasa chukua kalamu, au fungua Excel kama mimi, tupige hesabu pamoja mpaka tupate karatasi unayoweza kumtumia mwenye saluni leo hii.

Hatua ya kwanza ni gharama, na hapa ndipo wengi wanajidanganya. Mtu anahesabu siagi ya shea na mafuta ya nazi, basi. Angalia kopo langu. Mali ghafi ni 2,600. Kopo na kifuniko chake 900. Lebo 250. Sehemu yake ya boksi 150. Kazi na umeme 600, na hiyo kazi ni pamoja na ya kwangu mwenyewe, maana siku nikiajiri mtu wa kujaza sitaki bei inicheke. Halafu naweka 200 ya kinachomwagika, kinachobaki kwenye sufuria na kopo linalopasuka njiani. Jumla 4,700.

Hatua ya pili, bei ya rafu, yaani ile anayolipa mteja wa mwisho. Yangu ni 15,000. Hiyo bei usiitoe kwenye gharama peke yake. Nenda madukani, ona krimu za ujazo huo zinauzwaje, uone na yako inakaa wapi. Ukishaichagua, iheshimu wewe kwanza. Kama kwenye ukurasa wako unauza 11,000 kwa sababu ni Sabasaba, dada wa saluni aliyeiweka rafuni kwa 15,000 ataonekana mwizi mbele ya mteja wake. Hatakupigia kulalamika. Hataagiza tena, ndiyo utajua.

Sasa hatua ya tatu, na naomba muitulie. Kabla ya kupanga bei ya saluni, shuka mpaka chini kabisa, kwa wakala. Huenda leo huna wakala. Lakini siku moja mtu wa Kariakoo atakwambia anataka boksi 30, na yeye atawauzia saluni. Mimi mwaka wa kwanza niliwapa saluni wote punguzo la asilimia 40, nikijiona mkarimu. Kopo likawa 9,000. Wakala alipokuja, ili naye apate chake ilibidi nimpe chini ya 8,000, nikapiga hesabu usiku kucha nikamwambia samahani. Kupandisha bei kwa saluni zilizozoea 9,000, hiyo nayo ikanigharimu wateja.

Kwa hiyo tunaanzia chini. Wakala tunamwekea 8,500. Mimi nabaki na 3,800, na yeye akimuuzia saluni kwa 10,500 anapata 2,000. Saluni ikiuza 15,000 inapata 4,500. Kila mtu kwenye mnyororo ana cha kula. Bei ya saluni basi ni 10,500, ambayo ni asilimia 30 chini ya bei ya rafu, na faida yangu ghafi nikiuza moja kwa moja kwa saluni ni 5,800.

Kwenye skrini, safu ya B nina gharama, safu ya C bei ya rafu. Safu ya D naandika hivi, inanipa bei ya saluni ikiwa imekwisha kukadiriwa kwenye mia iliyo karibu, ili msikae mnatafutiana chenji:

```
=MROUND(C2*0.7,100)
```

Jambo moja la lugha hapa, kwa sababu linaleta ugomvi. Wewe unasema "nimekupa asilimia 30". Dada wa saluni anasikia atapata faida ya asilimia 30 juu ya hela yake, anasema ni ndogo. Mwoneshe kwa shilingi. Ameweka 10,500, imerudi na 4,500 juu, hiyo ni kama asilimia 43 ya alichoweka. Ni kopo lilelile na hela ileile. Ndiyo maana kwenye karatasi ninayowatumia siandiki asilimia kabisa, naandika bei.

Kama umesajiliwa VAT, simama hapa kidogo. Kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, Kenya 16. Ukimwambia saluni 10,500 na VAT iko ndani, gawa kwa 1.18: inayobaki kwako ni kama 8,900, na ile 1,600 ni ya serikali. Hata ukidai ile uliyolipa kwenye manunuzi yako, hesabu imebadilika, ifanye upya. Na kwenye karatasi andika wazi kwamba bei ina VAT ndani au haina, vinginevyo mtabishana siku ya risiti.

Tuje kwenye oda ya chini. Watu wanachagua tu "kuanzia pisi sita" kwa sababu jirani ameandika hivyo. Oda ya chini inatoka kwenye gharama ya kuhudumia oda moja, hata iwe ndogo vipi. Mimi oda moja inanila hivi: boda kwa wastani 5,000, kufunga na vifungashio 3,000, makato ya simu 1,000, na muda wa kupiga simu, kuandika na kufuatilia nauhesabu 3,000. Jumla 12,000. Sasa saluni ikinunua makopo matatu, faida yangu ni 17,400. Toa 12,000. Nimebaki na 5,400, na nusu ya siku imekwisha.

Kipimo changu ni kwamba hiyo 12,000 isizidi moja ya tano ya faida ya oda. Yaani oda iniletee faida ghafi ya angalau 60,000. Gawanya kwa 5,800, unapata makopo 10 na kidogo. Kumi na moja yangetosha, lakini boksi langu linabeba 12, basi ni dazeni.

Ila mimi sina krimu peke yake. Nina shampuu ya mililita 500, saluni wanaichukua 8,400, gharama yake 4,000. Dazeni ya shampuu tupu inanipa faida ya 52,800, haifiki. Ndiyo maana oda ya chini naiandika kwa shilingi: 120,000, changanya unavyotaka. Akichukua shampuu peke yake zitakuwa 15, faida 66,000, tuko salama. Na saluni inapenda kuchanganya, maana haijui bado kipi kitatoka.

Sasa punguzo la wanaonunua zaidi. Angalia kwanza linachokula. Ukipunguza asilimia 10 kwenye 10,500, umetoa 1,050. Kwa muuzaji inasikika ndogo, lakini faida yako ilikuwa 5,800, sasa 4,750. Umepoteza kama asilimia 18 ya faida, na ili urudi ulipokuwa unahitaji kuuza zaidi kwa asilimia 22. Na asilimia 30 ukiongeza 10 juu yake haifanyi 40: 15,000 inakuwa 10,500, halafu 9,450, ambayo ni 37. Mteja wako akisoma "30 na 10" ataleta hesabu ya 9,000.

Yangu ni ngazi tatu tu. Kuanzia 120,000, krimu ni 10,500. Kuanzia 360,000, ni 10,000. Kuanzia 720,000, ni 9,700, na sishuki zaidi ya hapo kwa saluni, kwa sababu wakala yuko 8,500 na nafasi kati yao lazima ibaki. Andika kwamba kiwango cha oda kinapimwa kwa bei ya ngazi ya kwanza. Usipoandika, mtu ataagiza bidhaa za 360,000, punguzo likiingia jumla inashuka chini ya 360,000, na hapo mnaanza kuulizana kama anastahili au hastahili.

Mtu akibana zaidi, mimi sipunguzi, natoa kopo. Kumi na mbili kwa kumi na tatu. Kwake ni kitu cha 15,000 rafuni. Kwangu kimetoka 4,700. Na bei yangu kwenye karatasi haijaguswa, mwezi ujao hatanikumbusha "mbona ulinipa kwa tisa na nusu".

Kuna bidhaa moja ya pembeni, dumu la lita 5 la shampuu, la kuoshea wateja kwenye sinki. Hili usilipangie kwa bei ya rafu, maana halina rafu. Lipangie kwa kichwa. Kuosha mara mbili nahesabu mililita 40, kwa hiyo dumu linaosha vichwa 125. Nauza 45,000, yaani 360 kwa kichwa, na dada wa saluni anaelewa hiyo hesabu papo hapo. Lakini linganisha: lita 5 kwenye chupa ndogo ni chupa kumi, 84,000. Tofauti hiyo inamshawishi mtu kujaza chupa kutoka kwenye dumu na kuuza. Utaijua kwa oda zake: madumu yanapanda, chupa hazitoki kabisa, na bado wateja wanasema wamenunua kwake. Mimi naandika kwenye lebo "kwa matumizi ya saluni tu", dumu moja kwa kila oda, na linahesabika kwenye 120,000 lakini halipandishi mtu ngazi ya punguzo.

Mali kauli. Utaombwa, tena na mtu unayemheshimu. Oda mbili za kwanza mimi ni taslimu. Kuanzia ya tatu naweza kutoa siku 14, ila kwa bei ya 10,500 tu. Mwenye kutaka 10,000 au 9,700 analipa kabla boda haijaondoka. Punguzo na mkopo sivitoi kwa mtu mmoja kwenye oda moja.

Karatasi yenyewe ni ukurasa mmoja: jina la bidhaa, ujazo, bei ya rafu inayopendekezwa, kisha safu tatu za bei. Chini yake oda ya chini, malipo, nani analipa usafiri, na tarehe. Tarehe msisahau. Yangu inasema bei ni halali kuanzia 1 Julai hadi 31 Desemba, kwa hiyo shea ikipanda sihitaji kuomba radhi Januari. Bei ya wakala haimo humo, ina karatasi yake.

Na yule wa saluni ndogo ya viti viwili, ambaye 120,000 ni nyingi kwake? Mwambie makopo sita, 10,500 kila moja, lakini aje kuyachukua mwenyewe na alipe hapohapo. Boda imeondoka, kufunga kumeondoka, kwangu imebaki faida ya 34,800 na gharama kama 4,000 tu. Wangu wawili walianza hivyo, Jumatatu asubuhi saluni ikiwa haina watu, wanapita na mkoba.