Mpango wa Kutoka Huandikwa Kabla ya Kuingia: Mhadhara kuhusu Uteuzi wa Mfumo wa ERP

Ndugu washiriki, nimeombwa nizungumzie uteuzi wa mfumo wa ERP kwa jicho la usanifu wa taasisi, nami nitashika sehemu moja ambayo kamati za zabuni huiruka karibu kila mara: namna taasisi itakavyotoka katika mfumo huo siku itakapolazimika kutoka. Mnaijua mifumo hii inayobeba hesabu, manunuzi na mali za taasisi, mnaiendesha kila siku, kwa hiyo sitapoteza muda kuieleza.

Ninapouliza kuhusu kutoka, hujibiwa hivi: "Data ni mali yetu, mkataba unasema hivyo, na kila usiku tunachukua nakala rudufu." Nimelisikia jibu hili mara nyingi mno, na leo nataka tulipime kwa mfumo unaojulikana, SAP ECC, ambao bado unabeba hesabu za kampuni nyingi duniani.

Katika ECC, kichwa cha kila hati ya uhasibu hukaa kwenye jedwali liitwalo BKPF, na mistari yake, yaani kila debiti na krediti, hukaa kwenye BSEG. Mhasibu akiitazama BSEG kupitia skrini za mfumo huiona kama jedwali la kawaida. Lakini kwenye usakinishaji wa jadi, ukiifungua kanzidata yenyewe, bila programu ya SAP kuwa hai, hulikuti jedwali hilo. Unakuta RFBLG, na ndani yake mistari ya hati imebanwa pamoja katika safu moja ya baiti zisizosomeka. Programu ya SAP, ikitumia kamusi yake ya data, ndiyo inayojua kuzifungua. Mnaona basi nakala rudufu ya usiku inakupa nini: inakupa uwezo wa kuiwasha upya SAP ileile, ikiwa bado una leseni yake. Hiyo ni kinga dhidi ya seva kuungua, na ni kinga nzuri. Haikusaidii kumwacha muuzaji.

Najua wataalamu waliomo humu watanijibu kwamba yapo majedwali yanayosomeka moja kwa moja, kama BSID ya madeni ya wateja yaliyo wazi na BSAD ya yaliyofungwa. Ni kweli, na miradi mingi ya kuhama huanzia hapo. Ila majedwali hayo ni faharasa za upande mmoja wa hati; hayabebi kila safu iliyomo kwenye BSEG, na kwa pekee yake hayakurudishii hati nzima. Tena, kampuni nyingi zilinunua leseni ya kanzidata kupitia kwa muuzaji wa ERP, na leseni ya aina hiyo kwa kawaida huzuia programu nyingine kuigusa kanzidata moja kwa moja. Someni kipengele hicho kabla hamjasaini.

Tuchukue mfano mmoja, tuufuate mpaka mwisho. Kampuni ya Dar es Salaam inampa mteja ankara kumi, na mojawapo ni ya shilingi 1,180,000: mauzo ni 1,000,000, na kodi ya ongezeko la thamani, kwa asilimia 18, ni 180,000. Mteja anailipia ankara hiyo 500,000 kama malipo ya sehemu. Katika SAP, malipo ya namna hii hayaifungi ankara. Ankara hubaki wazi kwa 1,180,000, malipo nayo hubaki wazi kwa 500,000, na kinachoyafunganisha ni safu moja iitwayo REBZG, inayobeba namba ya ankara inayolipwa. Sasa data inahamishwa, na aliyeandika programu ya kuitoa akaiacha safu hiyo kwa kuwa ilionekana tupu katika mistari mingi. Urari unatoka sawasawa. Deni la mteja, pamoja na zile 680,000 zilizobaki kwenye ankara hii, linatoka kama inavyotakiwa. Kila mtu anapiga makofi, mfumo wa zamani unazimwa. Miezi michache baadaye mteja anabishia mojawapo ya ankara zile kumi, na hakuna awezaye kuonyesha zile 500,000 zililipia ipi. Ripoti ya umri wa madeni nayo imekwisha kuharibika, kwa sababu malipo yanaelea bila ankara yake. Wakati huohuo sheria za kodi za Tanzania na Kenya zinadai kumbukumbu zitunzwe kwa miaka isiyopungua 5, na mkaguzi haridhiki na salio, anataka hati.

Kwa hiyo ninapendekeza jaribio, na ninalipendekeza lifanyike wakati wa zabuni, si baada yake. Mpeni mzabuni data ya miezi mitatu aiingize katika mfumo wake wa majaribio, kisha aitoe yote katika umbo lililo wazi. Ninyi ipakieni kwenye kanzidata ya kawaida, kwa mfano PostgreSQL, bila programu yake yoyote kuwepo. Jengeni upya urari, mlinganishe hadi shilingi ya mwisho. Jumlisheni madeni yaliyo wazi ya kila mteja, mwone kama yanalingana na akaunti ya udhibiti ya wadaiwa katika leja kuu. Halafu, na hapa ndipo wengi huanguka, chagueni ankara zenye malipo ya sehemu, mzifuate kutoka ankara hadi risiti, pamoja na viambatisho na kumbukumbu za nani alibadili nini. Mzabuni anayesema jaribio hili haliwezekani amekwisha kuwajibu.

Mtasema mambo yamebadilika, kwamba katika S/4HANA, mfumo wa SAP uliokuja kuirithi ECC, BSEG imekuwa jedwali la wazi na hesabu zimekusanywa katika jedwali moja liitwalo ACDOCA. Ni hatua njema. Lakini mkichukua toleo la wingu la umma, kanzidata yenyewe hamuigusi kabisa. Mnapata kile tu ambacho muuzaji amekifungulia njia. Swali ni lilelile.

Jambo la pili nitalipitia kwa haraka. Hakuna taasisi kubwa inayotoka kwa usiku mmoja. Hutoka sehemu kwa sehemu, mfumo mpya ukizungumza na wa zamani kwa miaka. Leseni inaweza kuifanya njia hiyo kuwa ghali mno. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kesi ya SAP dhidi ya Diageo, kampuni iliyokuwa na hisa nyingi katika East African Breweries. Diageo ilikuwa imejenga mifumo miwili juu ya Salesforce, jukwaa la wingu la muuzaji mwingine, mmoja wa maofisa mauzo na mmoja wa wateja kuagiza bidhaa, ikipitisha maagizo kwa kiunganishi cha SAP ambacho ilikwisha kukilipia. Mahakama ilisema watu hao walikuwa wanaitumia SAP, ingawa si moja kwa moja, na kwamba leseni ilihitajika. Madai yalizidi pauni milioni 54, japo hukumu hiyo iliamua wajibu tu, bila kiasi. Andikeni basi katika mkataba jinsi mifumo ya nje itakavyohesabiwa, na kwamba katika kipindi cha kuhama bei hiyo haitapanda.

Kuhusu tarehe, muda hauniruhusu kuingia ndani. Matengenezo ya kawaida ya matoleo ya karibuni ya ECC yanakoma mwishoni mwa 2027, na ya kulipia zaidi mwishoni mwa 2030. Mwenye mfumo huo leo na hajafanya jaribio nililolieleza, alifanye mwaka huu, akianza na jedwali la wadaiwa, na matokeo yake yapelekwe kwa kamati ya ukaguzi kabla ya mazungumzo ya kuhuisha leseni kuanza.