Mtego wa kuotea: amri moja, mabeki wanne

Haya, karibuni kiwanjani kwetu Ujiji. Huo mstari mnaouona kwenye mchanga tumeuchora kwa majivu, mita kama 30 kutoka golini, na mabeki wetu wanne wamejipanga juu yake. Mwenye amri ni mmoja tu, beki wa kati wa kushoto. Wakiamuru wawili, kila upande utafuata wake.

Sasa waacheni mabeki, tazameni yule kiungo mwenye mpira. Ameinua kichwa, hana anayembana. Hapo hakuna mtego. Mabeki warudi nyuma. Subiri... mwenzetu amemvamia, macho ya kiungo yameshuka kwenye mpira, mguu unakwenda nyuma. "Toka!" Wote wanne wanapiga hatua mbili tatu za haraka kwenda mbele. Straika yeye anakimbilia goli, kwa hiyo wanapishana naye, na mpira unapotoka mguuni kwa kiungo, mbele ya straika amebaki kipa peke yake. Ameotea.

Kinachohesabiwa ni pale mpira unapopigwa, sio unapomfikia. Ukisubiri pasi itoke ndipo upige hatua, umeshachelewa. Akiwa sawasawa na beki pia hajaotea, ndiyo maana hatua moja ya uvivu haitoshi.

Turudie, safari hii mambo yanaharibika. Nasimamisha picha hapahapa. Watatu wametoka vizuri. Mwone beki wa kulia: kisigino bado kiko kwenye majivu, shingo ameigeuzia winga wake. Straika yuko upande wa kushoto kabisa, mbali naye, lakini kisigino hicho kimemhalalisha. Goli.

Dawa yake ni beki wa pembeni kusimama kiubavu, awaone winga na beki wa kati kwa pamoja. Sisi tunawashikisha wote wanne kamba ya kuanikia nguo, wanaitikia amri bila mpira. Anayebaki nyuma anavutwa mkono, wenzake wanacheka, kesho habaki.

Kosa la pili linauma zaidi. Huyu straika ameotea kweli, lakini ametulia, mpira haugusi na hamsumbui mtu. Pasi ni ya winga aliyekuwa bado hajawapita mabeki ilipopigwa, ndipo akawapita mbio. Huyo hajaotea, na mabeki wetu wamesimama wameinua mikono! Ukishatoka, geuka ukimbie mpaka usikie filimbi. Kipa naye asigande golini, awe karibu na mstari wa kumi na nane ili awahi mpira kama huu.

Mpira wa kurusha hauna kuotea, kwa hiyo usitoke.

Na mechi za mtaani zisizo na washika vibendera, mimi mtego huu siuamuru kabisa. Refa yuko katikati ya kiwanja, kile kisigino atakionea wapi?