Paka Asifukuzwe Bure: Udongo, Nyama Mbichi na Ujauzito

Haya mama zangu, na nyie kina baba mliokuja na wake zenu, asanteni. Leo siongelei mjamzito ale nini, hilo mmeshalisikia mpaka mmechoka. Naongelea vimelea vya toksoplasma, vile vya kinyesi cha paka na nyama mbichi vinavyoweza kumuumiza mtoto tumboni, na jinsi vinavyofika mdomoni kwa mikono, hata kama nyama yako unaipika mpaka inaiva vizuri kabisa.

Nianze na dada mmoja niliyemhudumia kliniki. Mimba wiki ya 11, majibu ya damu yanasema IgG ipo na IgM ipo. Akasoma mtandaoni usiku kucha, asubuhi akampeleka paka wake kwa watu, akaja kwangu macho yamevimba kwa kulia. Sasa sikilizeni, IgG ni kingamwili inayobaki mwilini maisha yote, IgM ndiyo inayojitokeza mwanzoni, kwa hiyo ukiiona unadhani ugonjwa ni mpya. Shida ni kwamba IgM inaweza kung'ang'ania hata zaidi ya mwaka! Tukaomba kipimo kingine kinachoangalia IgG inakishika kimelea kwa nguvu kiasi gani, maana kingamwili changa hushika kwa ulegevu, iliyokomaa hushika kwa nguvu. Yake ikatoka ya nguvu, maana yake maambukizi yana karibu miezi minne au zaidi, na miezi minne ni wiki 16 na ushee, yeye ana 11. Yaani yaliingia kabla ya mimba, na mwili ulishajijengea kinga ambayo kwa kawaida inamlinda yeye na mtoto pia (mwenye kinga dhaifu, kwa mfano VVU visivyodhibitiwa, huyo ni habari nyingine, amwambie daktari).

Na yule paka? Alikuwa na miaka saba, hatoki nje, anakula chakula kilichopikwa. Huyo hakuwa na hatia jamani. Paka anapata toksoplasma akila panya, ndege au nyama mbichi, kisha anatoa mayai ya vimelea kwenye kinyesi kwa wiki moja mpaka tatu hivi, mara nyingi ni mara moja tu maishani, na wengi wanafanya hivyo wakiwa bado wadogo. Halafu mayai yakitoka hayaambukizi papo hapo, yanahitaji kukomaa nje siku moja mpaka tano. Ndiyo maana nasema kasha la mchanga wa paka lisafishwe kila siku, na afanye mtu mwingine siyo mjamzito, asipokuwepo mtu basi vaa glavu, ukimaliza nawa kwa sabuni, na kasha limwagiwe maji yanayochemka. Msitegemee dawa ya klorini, haiyaui hayo mayai. Kumpapasa paka manyoya siyo tatizo kubwa, anajilamba mwenyewe kabla mayai hayajakomaa.

Mimi ninachokiogopa zaidi ni udongo. Paka wa jirani anachimba bustanini kwako, anajisaidia, anafukia, anaondoka, wewe hata humjui. Mayai kwenye udongo wenye unyevu na kivuli yanakaa zaidi ya mwaka yakiwa hai, na kinyesi chenyewe kilishaoza zamani hukioni. Unapalilia, jasho linatiririka, unafuta mdomo kwa kiganja, basi. Kwa hiyo mwenye mimba avae glavu akigusa udongo, na akizivua anawe mikono mpaka chini ya kucha, maana hapo ndipo uchafu unapojificha. Mchanga wa kuchezea watoto nao ufunikwe.

Nyama mbichi nayo ni hivyohivyo, vimelea vimekaa ndani ya msuli kwenye vifuko vidogo usivyoviona. Unakata nyama, mdomo unawasha, unaukuna, hujala kitu lakini umeshajipelekea. Kisu, ubao, sinki na mikono vioshwe kwa maji ya moto na sabuni kabla hujashika kingine.

Kuna dada pale nyuma kauliza, je kama vipimo vyote viko hasi? Swali zuri sana hilo. Wewe ndiye unayehitaji hizo glavu kuliko wote, maana hujawahi kukutana na kimelea na huna kinga. Ukiambukizwa sasa pengine hutajua, labda tezi za shingo zivimbe na mwili uchoke kama mafua. Mwanzoni mwa mimba vimelea havimfikii mtoto mara nyingi lakini vikimfikia vinaumiza sana, kichwa kujaa maji, macho kuharibika, mwishoni vinamfikia kirahisi zaidi ila madhara huwa madogo. Kwa hiyo omba kipimo kirudiwe, na kikibadilika toka hasi kuwa chanya usisubiri kliniki ijayo, nenda siku hiyohiyo, dawa zipo, na daktari anachagua ipi kulingana na wiki za mimba.